Riba ya Asilimia 5, Hasara ya Asilimia 13: Maswali Kuhusu Riba Halisi na Mfumuko wa Bei

Maswali haya huulizwa sana na watu wanaoweka pesa benki, hasa kwenye amana ya muda maalum, ile unayoifungia miezi kadhaa au mwaka mzima kwa riba mliyokubaliana. Mfano mkuu ni wa Kenya kati ya Novemba 2010 na mwisho wa 2012. Nimeuchagua kwa sababu ndani ya miaka miwili tu, wenye akiba walipata hasara kubwa kisha faida kubwa, na katika nyakati zote mbili riba iliyobandikwa ukutani haikuwaambia ukweli.

Riba iliyotangazwa ina tofauti gani na riba halisi?

Riba iliyotangazwa inahesabu shilingi. Uliweka 100,000, ukarudishiwa 105,000, basi riba ni asilimia 5. Riba halisi inahesabu vitu ambavyo shilingi hizo zinanunua. Ikiwa siku unaweka pesa 100,000 ilitosha kodi ya nyumba, chakula na nauli za kipindi fulani, na siku unatoa mahitaji yaleyale yanagharimu 110,000, basi 105,000 yako haitoshi tena kununua ulichoweza kununua mwanzo. Shilingi zimeongezeka, uwezo wa kununua umepungua.

Benki inakuahidi hesabu ya kwanza pekee. Hesabu ya pili hakuna anayekuandikia kwenye taarifa ya akaunti, kwa hiyo ni lazima uifanye mwenyewe.

Benki haikupunguza hata senti kwenye amana yangu. Hasara inatoka wapi?

Tuchukue mtu aliyefungua amana ya mwaka mmoja mjini Nairobi mwezi Novemba 2010. Tuseme aliweka shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Mfumuko wa bei nchini Kenya mwezi huo ulikuwa karibu asilimia 3.8. Kwa kutazama tu, alikuwa salama: riba iko juu ya mfumuko, na pesa ziko benki.

Mwaka 2011 mambo yakageuka. Mvua zilikosekana na ukame ukaikumba Pembe ya Afrika, mahindi yakaadimika na bei ya unga ikapanda. Bei ya mafuta duniani ilipanda, hasa baada ya vita kuanza Libya. Na shilingi yenyewe ikadhoofika hadi kupita 100 kwa dola moja mwezi Oktoba, hivyo kila kilichoagizwa kutoka nje, kuanzia petroli hadi ngano, kikaja na bei mpya. Kufikia Novemba 2011 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 19.7.

Sasa amana imeiva. Riba ni shilingi 5,000. Serikali inakata kodi ya zuio ya asilimia 15 ya riba hiyo, yaani shilingi 750. Mwenye pesa anapokea 104,250. Lakini kapu la mahitaji lililogharimu 100,000 alipoweka pesa sasa linagharimu 119,720, kwa kuchukua tarakimu kamili ya mfumuko wa mwezi huo, asilimia 19.72.

Gawanya 104,250 kwa 119,720 na utapata 0.871. Maana yake ni kwamba pesa alizopokea zinaweza kununua sehemu 87 kati ya 100 za kile ambacho angenunua siku aliyoziweka. Kwa thamani ya Novemba 2010, aliweka 100,000 na kuchukua takriban 87,000. Hasara halisi ni karibu asilimia 13, na taarifa ya benki inaonyesha faida ya 4,250.

Hakuna aliyemwibia, na benki ilitimiza kila neno la mkataba. Ndiyo sababu hasara hii hupita bila watu wengi kuigundua. Benki ikianguka huwa ni habari ya magazeti, lakini mwaka kama 2011 mwenye amana hupokea ujumbe wa kumwambia kwamba riba yake imeingia.

Kwa nini tunagawanya? Siwezi kutoa tu mfumuko kutoka kwenye riba?

Unaweza, ikiwa tarakimu zote mbili ni ndogo. Riba ya asilimia 7 na mfumuko wa asilimia 5 zitakupa 2 ukitoa, na 1.9 ukigawanya. Tofauti hiyo haina uzito kwa uamuzi wowote wa nyumbani.

Tarakimu zikiwa kubwa, kutoa kunapotosha. Katika mfano wetu, 4.25 kutoa 19.72 ni hasara ya asilimia 15.5, ilhali hasara ya kweli ni 12.9. Sababu ni kwamba 15.5 imepimwa kwa shilingi za Novemba 2011, ambazo thamani yake imeshapungua, na sisi tunataka kujua hasara kwa kipimo cha shilingi zilizowekwa mwaka uliotangulia. Kugawanya kwa 1.1972 ndiko kunakoturudisha kwenye kipimo hicho. Mchumi wa Marekani Irving Fisher ndiye aliyeufanya uhusiano huu ujulikane, na jina lake ndilo linalotumika katika vitabu vya uchumi.

Kodi ya zuio inaingia kabla au baada ya mfumuko?

Kabla. Unaondoa kodi kwanza, kisha unagawanya kwa mfumuko. Mpangilio huu una uzito kuliko unavyoonekana.

Kodi inatozwa kwenye riba iliyotangazwa, si kwenye riba halisi. Ikiwa mfumuko ni asilimia 8 na riba yako ni asilimia 8, kwa haki hujapata faida yoyote. Umefidiwa tu kupanda kwa bei. Lakini mtoza kodi anaiona asilimia 8 yote kuwa ni pato, anachukua sehemu yake, na wewe unabaki na asilimia 6.8 dhidi ya mfumuko wa 8. Umelipa kodi juu ya hasara. Kwa maoni yangu huu ndio upande wa mfumuko usio wa haki kabisa kwa mwenye akiba ndogo, na ni nadra kusikia ukizungumzwa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza benki ni hili: riba gani itanifanya nisipoteze? Chukua mfumuko unaoutarajia, ugawanye kwa kile kinachobaki baada ya kodi. Kenya, ambako kodi ya zuio kwenye riba ni asilimia 15, unagawanya kwa 0.85. Mfumuko wa asilimia 6 unadai riba ya 7.06 ili utoke sare. Tanzania kodi hiyo ni asilimia 10, basi unagawanya kwa 0.90, na mfumuko huohuo unadai riba ya 6.67. Chini ya hapo, unapoteza hata kama riba ni kubwa kuliko mfumuko unaotangazwa kwenye taarifa ya habari.

Nitumie mfumuko wa mwezi gani?

Tumia mfumuko wa mwaka hadi mwaka uliotangazwa kwa mwezi amana yako inapoiva, ikiwa amana ni ya mwaka mmoja. Huo unalinganisha bei za mwezi huo na bei za mwezi uleule mwaka uliopita, yaani kipindi kilekile ambacho pesa zako zilikuwa zimefungwa.

Kosa la kawaida ni kutumia wastani wa mwaka. Kwa Kenya, wastani wa mwaka 2011 ulikuwa asilimia 14, kwa sababu miezi ya mwanzo, kabla bei hazijapanda sana, inaushusha. Ukiutumia kwa amana ya Novemba hadi Novemba utajipunguzia hasara kwenye karatasi tu. Tarakimu za kila mwezi hutolewa na ofisi za takwimu, KNBS kwa Kenya na NBS kwa Tanzania.

Kwa amana ya miezi mitatu au sita, chukua fahirisi ya bei za walaji, yaani namba ambayo ofisi hizo hutumia kuonyesha kiwango cha bei, ya mwezi ulioweka na ya mwezi uliotoa, ugawanye ya mwisho kwa ya mwanzo. Na ukumbuke kwamba riba ya asilimia 8 iliyotangazwa ni ya mwaka. Kwa miezi mitatu utapata asilimia 2 tu kabla ya kodi. Wengi hulinganisha asilimia 8 hiyo na kupanda kwa bei kwa robo mwaka, wakaona wameshinda.

Mtu huyo wa 2010 angeweza kujua?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Alifanya kitu ambacho wengi hawafanyi: alitazama mfumuko kabla ya kuweka. Lakini alitazama wa mwaka uliokuwa umekwisha. Mfumuko wa Novemba 2010 ulikuwa unaeleza bei zilivyopanda kutoka Novemba 2009. Pesa zake zilikuwa zinaingia kwenye mwaka mwingine.

Riba ya amana inakubaliwa leo na kufungwa. Mfumuko utakaoila riba hiyo bado haujatokea. Kwa hiyo riba halisi ya amana haijulikani siku ya kusaini; inajulikana siku ya kutoa. Unachokuwa nacho mwanzoni ni makadirio.

Hata makadirio yake hayakuwa mazuri sana. Ukiondoa kodi, asilimia 5 ilibaki 4.25. Dhidi ya mfumuko wa 3.8 hiyo ni faida halisi ya asilimia 0.4, chini ya nusu shilingi kwa kila mia. Alikuwa amekubali kubeba hatari yote ya bei kupanda kwa malipo hayo. Ukiona nafasi ndogo kiasi hicho kati ya riba yako baada ya kodi na mfumuko, ujue kwamba mvua moja ikikosekana, au shilingi ikiteleza kidogo, umeshaingia hasarani.

Kwa hiyo mfumuko ukiwa juu, kuweka pesa ni hasara siku zote?

La, na mwaka 2012 unaonyesha kinyume chake. Baada ya kuchelewa, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kwa kasi mwishoni mwa 2011: asilimia 11 Oktoba, 16.5 Novemba, 18 Desemba. Riba za dhamana za serikali za muda mfupi zikapanda nazo hadi kupita asilimia 18.

Tuseme mtu aliingiza 100,000 Desemba 2011 kwa mwaka mmoja na kupata asilimia 18. Wakati huo mfumuko ulikuwa unasoma karibu asilimia 19, na jirani yake angeweza kumwambia kwamba anapoteza. Baada ya kodi alipata 115,300. Lakini mikopo ghali ilikuwa imepunguza matumizi, shilingi imepata nguvu, mvua zimerudi, na kufikia Desemba 2012 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi asilimia 3.2. Kapu lake la 100,000 lilikuwa limefika 103,200 tu. Faida yake halisi ni asilimia 11.7.

Watu hawa wawili walitazama ubao uleule wa mfumuko. Wa kwanza aliona tarakimu ndogo akajihisi salama, akapoteza. Wa pili aliona tarakimu ya kutisha, akapata.

Mfumuko ukishuka, nilichopoteza kinarudi?

Hapana. Mfumuko ukishuka kutoka 19.7 hadi 3.2, bei hazijashuka. Zinaendelea kupanda, ila polepole. Unga uliopanda hauhitaji kupanda tena ili uendelee kukubana. Mtu wetu wa kwanza, aliyebaki na uwezo wa 87 kati ya 100, atarudi alikokuwa ikiwa tu atapata riba halisi ya jumla ya karibu asilimia 15 katika miaka inayofuata, kwa sababu 87 inahitaji kukua kwa takriban 15 kwa mia ili iwe 100 tena.

Mfumuko wa serikali haufanani na ninachokiona sokoni. Nani anasema kweli?

Mara nyingi nyote wawili. Takwimu rasmi ni wastani wa kapu la nchi nzima, na kila kitu kina uzito wake ndani ya kapu hilo. Katika kapu lililokuwa likitumika Kenya mwaka 2011, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilikuwa na uzito wa asilimia 36. Familia yenye kipato kidogo inaweza kutumia zaidi ya nusu ya pesa yake kwenye chakula. Mwaka ambao chakula ndicho kinachopanda zaidi, kama ilivyokuwa mwaka ule, familia hiyo inaumia kuliko wastani unavyosema, na riba yake halisi ni ndogo kuliko ya mfanyakazi mwenye kipato kikubwa aliye na amana kwenye benki ileile.

Kama unaweka akiba kwa kusudi moja, pima kwa bei ya kusudi hilo. Akiba ya karo ilinganishe na karo. Akiba ya mabati na saruji ilinganishe na bei ya duka la vifaa vya ujenzi. Mfumuko wa taifa unaweza kuwa asilimia 5 huku karo ikiwa imepanda kwa 12, na kwako wewe ni 12 ndiyo inayohusika.

Pesa zangu ziko kwenye akaunti ya kawaida ya akiba, si amana. Hali ikoje?

Ni mbaya zaidi kwa kawaida, lakini kwa mwendo wa taratibu. Chukua akaunti inayolipa asilimia 3, kodi ya zuio 15, na mfumuko wa wastani wa asilimia 6, mwaka ambao hauna msukosuko wowote. Baada ya kodi unapata 2.55. Kila mwaka unapoteza asilimia 3.3 hivi ya uwezo wa kununua.

Acha 100,000 humo kwa miaka 10. Kitabu kitasoma takriban 128,600. Kapu lililokuwa la 100,000 litakuwa la 179,000. Utakuwa umebaki na uwezo wa shilingi 72,000 za siku uliyoanza. Hapakuwa na ukame wala vita katika hesabu hii. Ni tofauti ndogo iliyoachwa irudie mara kumi. Ndiyo maana huwa nasikitika ninapoona pesa za uzeeni zikilala kwenye akaunti ya aina hii kwa sababu tu mwenyewe anaiamini benki.

Nami naweka kwenye akaunti isiyo na riba, kwa misingi ya dini. Hili linanihusu?

Linakuhusu. Kama ni akaunti ya amana tupu isiyolipa chochote, faida yako iliyotangazwa ni sifuri, na unabeba mfumuko wote. Kama ni akaunti ya kugawana faida, weka mgao uliopata mahali pa riba kwenye hesabu zote za hapa. Tofauti ni kwamba mgao haukuahidiwa kwa tarakimu kamili, hivyo unaweza kupanda au kushuka kulingana na biashara ilivyokwenda.

Si heri nihamie dola?

Swali hili huja wakati shilingi imeshaanguka, na huo ndio wakati wake mbaya. Oktoba 2011 dola ilipita shilingi 100. Mapema 2012 ilikuwa imerudi kwenye 80 na kitu. Aliyenunua dola kileleni kwa hofu alipoteza zaidi ya kumi kwa mia katika miezi michache, wakati amana za shilingi zilikuwa zinalipa vizuri kuliko miaka mingi. Dola zina maana kwa mwenye matumizi ya dola, kwa mfano ada ya chuo nje ya nchi au mzigo wa kuagiza.

Nitoe pesa benki basi?

Pesa ya dharura, ile ya hospitali au ya miezi michache bila kazi, iache hapo. Inapoteza kidogo kila mwaka, na hiyo ni gharama ya kuweza kuichukua leo usiku. Mfumuko haukupi sababu ya kuipeleka pesa ya dharura kwenye kiwanja kisichouzika kwa haraka.

Kwa pesa ambayo huihitaji karibuni, jambo la kwanza ni kutoifunga yote kwa tarehe moja. Mtu wa 2010 angegawa 100,000 yake mafungu manne yanayoiva kila baada ya miezi mitatu, asingeepuka hasara, ila kadiri mwaka 2011 ulivyosonga, mafungu yaliyoiva yangeweza kuingia tena kwa riba ya juu zaidi, na la mwisho lingekutana na riba za Novemba. Aliyefunga yote kwa mwaka mmoja alizitazama riba zikipanda bila kuweza kufanya kitu. Ubaya wa njia hii ni kwamba riba zikishuka, mafungu yako pia yatashuka nazo mapema.

Jambo la pili ni kulinganisha vitu kwa riba baada ya kodi. Hatifungani ya serikali isiyotozwa kodi, inayolipa asilimia 12, inaizidi amana ya asilimia 13.5 nchini Kenya, maana hiyo ya pili ikikatwa kodi inabaki 11.5. Hatifungani ya miaka mingi, hata hivyo, inakufunga kwa miaka mingi, na hatari ya 2011 inarefuka vilevile. Ukihitaji kuiuza wakati riba zimepanda, bei yake itakuwa imeshuka.

Nifanyeje hesabu hii mwenyewe kwenye simu au kompyuta?

Kwenye jedwali la hesabu, andika riba katika B1, kodi katika B2 na mfumuko katika B3, zote kwa asilimia. Kisha katika B4:

```
=(1+B1*(1-B2))/(1+B3)-1
```

Ukiweka 5%, 15% na 19.72% utapata -12.9%, ile hasara ya Novemba 2011. Kabla ya kusaini amana, usiishie kwenye mfumuko wa leo. Jaza B3 mara tatu: mfumuko uliopo, kisha uliopanda kwa alama tatu, kisha uliopanda kwa alama kumi na tano, kwa maana umepata kupanda kwa kiasi hicho ndani ya mwaka mmoja. Jibu la pili likiwa tayari liko chini ya sifuri, muulize ofisa wa benki kama kuna muda mfupi zaidi, na kama unaweza kuvunja amana kabla haijaiva na utapoteza riba kiasi gani ukifanya hivyo. Jibu lake liwe limeandikwa kwenye mkataba.